Faire inakugomea? Anza na dalili, chanzo kitajitokeza

Kabla ya yote jibu hili swali, unapopiga pasi nani anapigwa? Ukipiga mswaki, ukipiga deki, ukipiga chafya, ukipiga magoti, hamna mtu anaumia hapo. Mgeni anayejifunza Kiswahili akishaambiwa "piga" ni kumchapa mtu basi hiyo pasi inamsumbua wiki nzima, na sisi tunacheka. Sasa we na faire ya Kifaransa ndo mko hivyohivyo. Kamusi ilikwambia faire ni kufanya, ukaamini, ukazunguka nayo kila mahali, halafu ukakutana na "faire la queue" ukabaki unajiuliza huyu anafanya mkia gani.

Kwenye misemo hii faire haina uzito wowote kimaana. Kazi yake ni kubeba nani na lini (je fais, tu as fait, ils feront), mzigo wenyewe wa maana uko kwenye neno linalofuata, sawasawa na "piga" yetu. Nitachukua mitatu tu, faire la queue, faire attention na faire semblant, manake kila mmoja unaharibika kwa njia yake, na makosa ninayoyaona kwa Waswahili wengi yanazunguka humohumo.

Dalili: umesema "j'ai fait une queue" na mtu anakuangalia kama bado anasubiri umalizie

Ulitaka kusema ulipanga foleni. Queue maana yake ya kwanza ni mkia, foleni ikapewa jina hilo kwa sababu watu waliojipanga mmoja nyuma ya mwingine wanaonekana kama mkia, na inatamkwa karibu na "ke" ila ukiwa umeviringa midomo kama unataka kupiga mluzi. Msemo wenyewe umeganda: faire LA queue. Siyo une, siyo bila kitu.

Chanzo ni kwamba Kiswahili hakina hivi vidudu vya le, la, les, un, une, du, kwa hiyo sikio letu linavichukulia kama mapambo, ukikiweka sawa ukikiacha sawa. Si mapambo. Angalia hii: "faire du feu" ni kuwasha moto, wa kupikia, wa kuota, wowote. Ukitoa hiyo du ikawa "faire feu" umefyatua risasi. Neno feu ni lilelile, faire ni ileile, tofauti ni kidudu kimoja cha herufi mbili. Au hii, "faire les courses" ni kwenda kununua mahitaji ya nyumbani, "faire la course" ni kushindana mbio. Ukimwambia mama mwenye nyumba "je vais faire la course" atakuuliza na nani.

Sasa utajuaje msemo unataka kidudu gani? Ukweli ni kwamba unaushika mzimamzima, kama mtoto anavyoshika "piga deki" bila kuuliza deki ni nini. Ila kuna kipimo kimoja kizuri cha kuona kama umeushika vizuri: ukanushe. Sema hufanyi hicho kitu uone kidudu kinakwenda wapi.

"Je fais la queue" inakuwa "je ne fais pas la queue". La imebaki palepale.

"Je fais attention" inakuwa "je ne fais pas attention". Hakukuwa na kitu na hakijaongezeka kitu.

"Je fais du sport" inakuwa "je ne fais pas de sport". Du imegeuka de.

Kwa hiyo ukijikuta unasema "je ne fais pas de queue" ukimaanisha hupangi foleni, ujue kichwani mwako umeiweka queue kundi moja na sport, na hapo ndo penye ugonjwa. Ile la ni sehemu ya msemo, huwezi kuibadilisha, ni kama mtu aseme "amepiga mapasi".

Mambo mawili ya pembeni halafu tuendelee. Ukiwa Ubelgiji utasikia watu wakisema "faire la file", ni foleni ileile, usidhani umesikia vibaya. Na "faire une queue de poisson", neno kwa neno kufanya mkia wa samaki, haina uhusiano na foleni hata kidogo, ni pale dereva anakuovateki halafu anajibana mbele yako ghafla mpaka unakanyaga breki. Hapo une ipo na ni sahihi, kwa sababu huo ni msemo mwingine kabisa.

Dalili: unasema "attention" na unaeleweka, ila kila mara unasahihishwa

Huu ndo msemo watu wanaudharau sana kwa sababu neno lenyewe wanalijua, wamelisikia kwenye Kiingereza, wakaona kazi imekwisha. Makosa yanakuja ya aina tatu, na kila moja lina baba yake.

La kwanza ni "payer attention". Hilo limetoka Kiingereza moja kwa moja, wewe uliyesoma Kifaransa kwa kupitia Kiingereza ndo linakupata, aliyekulia Bujumbura au Goma akisikia Kifaransa shuleni halimpati. Kwa Kifaransa attention hailipiwi. Ni faire attention, basi.

La pili ni "faire l'attention". Hapa mtu ameshajifunza somo la foleni pale juu akaona bora aweke kidudu kila mahali asije akakosea. Hapana, attention inakaa uchi. Na hili kundi la uchi lina ndugu zake, faire peur (kutisha), faire mal (kuuma), faire confiance (kuamini mtu), faire plaisir (kufurahisha), faire envie (kutamanisha). Ukiangalia vizuri mengi ni hisia au hali ya ndani ya mtu, siyo kazi ya mikono. Kazi za mikono ndo zinapenda vidudu, faire la vaisselle (kuosha vyombo), faire le lit (kutandika kitanda), faire le ménage (usafi wa nyumba). Siyo sheria ya chuma ila inasaidia sana ukikwama.

La tatu ndo linalosumbua zaidi, kiungo kinachofuata. Ni à: faire attention à ton sac, faire attention à la marche. Watu wanaweka de kwa sababu "kuwa makini NA" au "kuangalia" kwetu hakuwaambii chochote kuhusu à wala de, wanabahatisha tu. Ikifuata nomino weka à. Ikifuata kitendo, "fais attention à ne pas tomber", angalia usianguke, na hapo zingatia kwamba ne pas zinakwenda zikiwa zimeshikana mbele ya kitenzi, hazikigawi katikati kama ulivyozoea.

Halafu kuna mtego wa lui, huu hata watu wazuri unawapiga. Misemo mingi ya kundi la uchi inapokea mtu kwa me, te, lui mbele ya kitenzi. "Ça lui fait peur", inamtisha. "Je lui fais confiance", namwamini. Kwa nini lui na siyo le? Kwa sababu nafasi ya kitu kinachofanywa imeshakaliwa na peur, mtu inabidi aingie kwa mlango wa à. Sasa mwanafunzi mwenye akili anasema basi "je lui fais attention". Hapana bwana! Attention ni mkaidi, yeye anataka "je fais attention à lui". Kikiwa kitu badala ya mtu ni "fais-y attention", au kwa mazungumzo ya kawaida tu "fais attention à ça". Sijawahi kuona njia ya kulishika hili zaidi ya kulisema mara nyingi mpaka ulimi uzoee.

(Na ukiona "ça le fait rire", inamchekesha, usirudi kunilaumu. Rire ni kitenzi, siyo nomino, na faire ikifuatwa na kitenzi inafanya kazi ya ile -sha na -za yetu: faire rire kuchekesha, faire tomber kuangusha, faire boire kunywesha, faire voir kuonyesha. Hiyo ni nyumba nyingine kabisa.)

Maana nayo inateleza kidogo. "Fais attention !" ni angalia, kuwa makini. "Fais attention à toi" anakwambia mtu anayekupenda mkiagana, jiangalie huko uendako. "Il ne fait pas attention à moi" maana yake hanijali, hata haoni kama nipo. Na ukimkanyaga mtu kwenye daladala "pardon, je n'ai pas fait attention" ni samahani, nimepitiwa, sikuangalia. Ni attention ileile, inazunguka kati ya tahadhari na kujali.

Kama unaongea na wengi au na mtu wa kuheshimu, ni "faites attention". Siyo "faisez". Hii faisez naisikia kila siku, na chanzo chake kinaeleweka, vous karibu siku zote inavuta -ez (parlez, mangez, finissez), ila viko vitenzi vitatu vinavyokataa: vous êtes, vous faites, vous dites. Ukishaingia humo, kumbuka pia nous faisons inaandikwa ai lakini haitamkwi "fe", inatamkwa kama imeandikwa "fesons" na hiyo e ya kwanza ikiwa imemezwa.

Dalili: unajaribu kusema mtu anajifanya, unaishia kusema kitu kingine

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa Kiswahili chenyewe ndo kinatutega.

Tuna neno zuri kabisa, kujifanya. Na ndani yake kuna fanya, na kuna ji-. Kwa hiyo mtu anapiga hesabu: fanya ni faire, ji- ni se, jumla kujifanya ni se faire. Hesabu safi, jibu baya. "Anajifanya amelala" ni "il fait semblant de dormir". Semblant imetoka kwenye sembler, kuonekana kama, yaani unatengeneza mwonekano wa kitu ambacho hakipo.

Na se faire je? Se faire ikifuatwa na kitenzi mara nyingi inamaanisha umefanyiwa jambo. "Il s'est fait voler son téléphone" ameibiwa simu. "Je me suis fait avoir" nimepigwa, yaani nimetapeliwa, ile ya mtaani. Au umemtuma mtu akufanyie, "je me suis fait couper les cheveux", nimekatwa nywele kwa kinyozi. Kwa hiyo ukisema "il se fait dormir" ukitaka kusema anajifanya amelala, Mfaransa anatafuta nani anamlaza nani. (Kwenye kuandika, hiyo fait haibadiliki hata kama ni mwanamke, "elle s'est fait voler", hakuna e ya ziada.)

Sasa muundo. Sisi baada ya kujifanya tunaweka sentensi nzima yenye mtu wake, anajifanya a-melala, anajifanya a-natafuta. Ndo maana kosa namba moja hapa ni "il fait semblant qu'il dort". Kwa Kifaransa cha kuandika ni de na kitenzi kisichochezewa, faire semblant de dormir, faire semblant de travailler, faire semblant de comprendre. Hii ya mwisho tunaijua wote, unatikisa kichwa kwenye mkutano wakati hujashika hata neno.

Ila de inakubana uwe na mtu mmoja tu, anayejifanya na anayefanya ni huyohuyo. Ukitaka kusema "jifanye kama mimi sipo" watu ni wawili, semblant haifai, unahamia "fais comme si je n'étais pas là". Baada ya comme si kitenzi kinarudi kwenye ule wakati uliopita wa -ais, -ait. Na ule msemo wa "faire comme si de rien n'était" ni kuendelea kama vile hamna kilichotokea, ule mkao wa mtu aliyevunja glasi ukweni.

Kitu kingine, angalia anajifanya nini. Kama ni kitendo, faire semblant de. Kama ni sifa au aina ya mtu peke yake bila kitenzi, husemi semblant, unasema faire le au faire la: faire le malin kujifanya mjanja, faire l'innocent kujifanya hujui kitu, faire le mort kujifanya umekufa, na hii ya mwisho watu wanaitumia pia kwa yule anayekaa kimya bila kujibu meseji. Kwetu zote ni kujifanya, kwao zimegawanyika mara mbili, ndo maana ukitafsiri kutoka Kiswahili unabahatisha.

Tena kuna kukanusha, na hapa kosa halionekani kwa macho, sentensi inatoka sahihi kabisa kisarufi ila inasema kinyume. "Il fait semblant de ne pas me voir": anajifanya hanioni. "Il ne fait pas semblant de me voir": hajifanyi kuniona. Ne pas ikisogea maana imepinduka. Kipimo: jiulize kinachokanushwa ni kuona au ni kujifanya. Kama ni kuona, ne pas inakwenda baada ya de, zote mbili pamoja. Na ukisikia mtu anasema "il n'a pas fait semblant !" peke yake, bila de wala nini, anasifia (au analalamika) kwamba jamaa hakufanya utani, amekwenda kwa nguvu zote, kwa mfano amepiga mpira mpaka wavu umetetemeka.

Mtego wa mwisho hapa ni wa waliopitia Kiingereza, prétendre. Inafanana na pretend ya Kiingereza, yaani kujifanya, ila maana yake ni kudai. "Il prétend qu'il est malade" anadai anaumwa, inawezekana kweli anaumwa, msemaji hana uhakika tu. "Il fait semblant d'être malade" umeshamhukumu, haumwi huyo.

Dalili ya haraka: sasa unaweka faire kila mahali

Hii inawapata waliokwisha kuipenda faire. Chanzo ni kufanya yetu. Tunafanya uamuzi, kwa hiyo unasema "faire une décision", kumbe ni prendre une décision. Tunafanya mtihani, wao ni passer un examen, na hapo chunga, passer un examen ni kuufanya tu, kufaulu ni réussir, usije ukawapigia nyumbani kuwapa habari njema kabla ya matokeo. Swali halifanywi, ni poser une question. Na baridi: hali ya hewa ni il fait froid, ila wewe ukiona baridi ni j'ai froid, siyo "je fais froid".

Mgonjwa mmoja mzima

Mdogo wangu yuko Bujumbura kikazi, na siku moja alinitumia meseji aliyotaka kumwandikia mwenzake wa ofisini, nimwangalizie kwanza. Iko hivi:

"Hier j'ai fait une queue à la banque pendant deux heures. J'ai fait l'attention de mon sac, mais un monsieur s'est fait qu'il cherche un stylo et il est passé devant moi. Le gardien l'a vu mais il n'a pas fait semblant de le voir. Ça m'a fait la colère."

Habari yenyewe unaipata: foleni ya saa mbili, jamaa kajifanya anatafuta kalamu kumbe anapenya mbele, mlinzi kaona kajifanya hakuona. Tulianza na rahisi. Une queue ikawa la queue. L'attention de ikawa attention à, na kwa kuwa alikuwa anaangalia begi muda wote aliosimama, siyo mara moja, kitenzi kikageuka je faisais. "S'est fait que" ndo ile hesabu ya ji- na fanya, nikamwonyesha akacheka mwenyewe, ikawa a fait semblant de chercher.

Ya mlinzi tulibishana. Yeye aliona iko sawa, ne pas ipo, semblant ipo, de ipo. Nikamuuliza, mlinzi alikataa nini, kujifanya au kuona? Akakaa kimya kidogo. Alichoandika kinasema mlinzi hakujifanya kumwona yule jamaa, na hiyo haina maana yoyote kwa sababu alimwona kweli. Tena kwa kuwa jambo lilikuwa limeshapita mbele ya macho yake, inapendeza zaidi ukisema alijifanya hakuona kitu, de n'avoir rien vu.

Ikatoka hivi:

"Hier j'ai fait la queue à la banque pendant deux heures. Je faisais attention à mon sac, mais un monsieur a fait semblant de chercher un stylo et il est passé devant moi. Le gardien l'a vu, mais il a fait semblant de n'avoir rien vu. Ça m'a mis en colère."

Ya mwisho ilimuuma, alitaka sana faire abaki nayo, akasema mbona peur inaingia, ça m'a fait peur, kwa nini colère isiingie. Haiingii tu. Kukasirisha ni mettre en colère, na kama meseji ingekuwa ya dada yake ingeandikwa mise, na e mwishoni.